Somo la Kuoka Biskuti kwa Watoto

Mwenzetu mmoja aliyehamia Haneti, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, ametuomba somo la kuwafundisha watoto kuoka. Tumelitunga kwa watoto 12 wenye umri wa miaka 7 hadi 12, na kwa watu wazima wawili. Twalichapa hapa kwa kuwa hata visiwani wengi wetu huoka vivyo hivyo, kwa sufuria na makaa juu na chini.

Mahali. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo kazi ifanywe nje. Haneti ni nchi kavu yenye upepo. Basi seredani iwekwe nyuma ya ukuta, mbali na nyasi na mapaa ya makuti au nyasi. Chora duara chini, hatua mbili kutoka kwenye moto kila upande. Ndani ya duara huingia mtu mzima mmoja tu. Kabla ya kuwasha moto, ndoo ya lita 20 ya maji safi iwe imekwisha kuwekwa kando ya duara. Maji ni adimu huko, na ndiyo sababu yasingojwe mpaka mtoto aungue.

Vipimo. Unga wa ngano kikombe 1 cha chai, unga wa mtama kikombe 1, sukari nusu kikombe, siagi vijiko 8 vya chakula, maziwa vijiko 2 au 3, na karafuu kavu punje 4. Biskuti haihitaji kuumuka kama mkate, kwa hiyo mtama hauiharibu. Karafuu zisizidi, mafuta yake ni makali, na zikiwa nyingi biskuti huwa chungu na ulimi hufa ganzi.

Kazi za watoto. Wadogo wapime, wachekeche unga na kufinyanga vidonge. Wakubwa watwange karafuu, kisha wanawe mikono kabla ya kugusa macho. Wasugue siagi ndani ya unga mpaka ufanane na mchanga, ndipo watie sukari, karafuu na maziwa kidogo kidogo. Donge likishikamana, yatosha. Watengeneze vidonge 20, wavibonyeze viwe bapa, wavipange juu ya sahani ya bati iliyopakwa siagi. Unga mbichi usirambwe, maana waweza kuwa na vijidudu.

Kuoka. Hii ni kazi ya mtu mzima. Sufuria kubwa itiwe mchanga mkavu vikombe 3, ifunikwe, iwekwe juu ya makaa machache, na makaa mengi zaidi yapaliwe juu ya kifuniko. Baada ya dakika 10 jaribu kwa kinyunyo cha unga juu ya kibati ndani yake. Ukipata rangi ya kahawia kwa dakika 3 hivi, moto unafaa. Ukiwa mweusi upesi, punguza makaa ya chini. Sahani ikae juu ya mchanga dakika 12 hadi 15, watoto wakihesabu saa. Kingo zikianza kuwa kahawia, toa, hata kama katikati ni laini. Biskuti hukauka zinapopoa. Ukingoja zikauke motoni, zitaungua chini.

Hatari iliyofichika. Mtoto huogopa kaa jekundu, lakini haogopi kifuniko kilichokwisha kumwagwa makaa, kwa kuwa rangi yake ni ile ile ya asubuhi. Hapo ndipo wengi huungua. Kwa hiyo kifuniko, sahani na sufuria ya mchanga viwekwe juu ya mawe matatu, ndani ya duara, visitolewe kwa muda wa saa nzima. Kitambaa cha kushikia kiwe kikavu. Kikilowa, moto hupenya upesi na mvuke huunguza. Mwisho makaa yazimwe kwa maji na kukorogwa, maana majivu meupe huficha kaa hai, na kesho yake mtoto mwenye miguu mitupu hulikanyaga.

Mtoto akiungua, mwagia maji baridi pale pale kwa dakika 20. Ndoo ile yatosha, lita 1 kila dakika. Usipake dawa ya meno, mafuta wala ute wa yai. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake, au likiwa usoni, mkononi au penye kiungo, apelekwe hospitali.

Maswali ya kuwauliza watoto kabla ya kula:
1. Kifuniko cheusi na kaa jekundu, kipi chaweza kukuunguza? (Vyote viwili.)
2. Biskuti ikianguka ndani ya duara, nani huiokota? (Mtu mzima.)
3. Kwa nini maji huwekwa kabla ya moto?

Asiyejibu la kwanza arudie somo siku nyingine kabla hajakaribishwa tena penye seredani.