Kupe, Chawa ao Upele? Namna ya Kusoma Foto ya Ngozi



Katika somo la ufugaji tulionyeshwa foto ya mbuzi aliyenyonyoka manyoya kichwani. Wengi wetu tulijibu mara moja: "Iko chawa." Tulikosa, na sababu ni hii.

Kupe anaonekana yeye mwenyewe. Akishiba damu anakuwa kama punje ya maharagi, rangi ya majivu. Mumutafute ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Kwa ng'ombe, kupe wa masikio anaweza kuleta homa kali inayovimbisha tezi chini ya sikio; basi mwenye ng'ombe amupime joto.

Chawa ni mdogo, mara nyingi foto haimushike. Lakini mayai yake yanaonekana: vidoto vyeupe vilivyogandamana na manyoya. Yakiwa mengi, mara nyingi mnyama amekonda ao zizi limesongamana.

Upele ni tofauti. Mdudu wake haonekani kwa macho. Kinachoonekana ni ngozi yenyewe: nene, yenye makunjo na magamba. Mbuzi wetu alikuwa hivi kwenye masikio na pua, na hatukuona yai hata moja. Kwa hiyo tulidhani upele. Huo unaambukiza, hata mchungaji anaweza kuanza kujikuna. Mbuzi huyo atengwe siku ileile.

Lakini foto peke yake haitoshi, sababu choa nayo inaleta magamba. Munganga wa wanyama akwangue ngozi kidogo, aitazame kwa mikroskopi, ndipo dawa itolewe.