Kuchuma Badiliko Moja Bila Kuvuta Tawi Zima

Muhula uliopita, zikiwa zimebaki siku nne tu kabla ya Siku ya Wazazi, mwalimu wa Kidato cha Tatu aliingia katika chumba cha kompyuta akiwa na ripoti moja mkononi. Ilikuwa ya mwanafunzi anayesoma masomo 8. Jumla ya alama zake ilikuwa 496, na ripoti ilisema wastani wake ni 55.1. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu kwa kalamu akapata 62. Akaniambia, "Kijana, mashine yenu inamdhulumu mtoto wa watu."

Alisema kweli. Programu ile tuliiandika sisi wenyewe katika chama chetu cha kompyuta, wakati ambapo kila mwanafunzi alisoma masomo 9. Kwa hiyo iligawanya kila jumla kwa 9, hata kwa mtu mwenye masomo 8. Nataka kueleza jinsi tulivyoisahihisha, kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa dogo, lakini kulifikisha sahihisho mahali pake kulinifunza jambo ambalo sikulijua.

Programu yetu tunaitunza kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Git huhifadhi kila badiliko tunalolifanya, pamoja na jina la aliyelifanya na maelezo yake. Mabadiliko hayo hufuatana kama shanga katika uzi, na uzi huo huitwa tawi. Sisi tuna matawi mawili. Tawi liitwalo `main` ndilo la kazi zinazoendelea, na wakati ule lilikuwa na ripoti mpya yenye picha za wanafunzi, ambayo ilikuwa haijakamilika. Tawi la pili, `toleo-1.2`, ndilo linalotumiwa kuchapa ripoti za kweli, na humo hatuingizi kitu kisichokwisha kujaribiwa.

Mwenzangu alilisahihisha kosa jioni ileile katika tawi la `main`. Sasa tungefanyaje? Kama tungeyaunganisha matawi yote mawili, sahihisho lingefika katika toleo, lakini na ile kazi ya picha isiyokamilika ingefuatana nalo, na Ijumaa tusingechapa kitu. Tulihitaji badiliko moja tu. Kwa haja hiyo Git ina amri iitwayo `cherry-pick`, yaani kuchuma tunda moja mtini na kuyaacha mengine.

Kwanza nilitafuta badiliko lenyewe. Kila badiliko lina alama yake ya herufi na tarakimu 40, ila zile chache za mwanzo hutosha kulitambua. Nikalifungua nilisome:

```
git log --oneline main
git show 7c41e9a
```

Usiiruke hatua hii. Kama mwenzangu angalichanganya sahihisho na kazi ya picha katika badiliko moja, ningalichuma vyote viwili. Lakini yeye alikuwa amebadili mstari mmoja tu katika faili la `wastani.py`:

```
-    return sum(alama) / 9
+    return sum(alama) / idadi(alama)
```

Kisha nikahamia tawi la toleo, nikachuma:

```
git switch toleo-1.2
git cherry-pick -x 7c41e9a
```

Yafaa tuelewe Git inafanya nini hapo. Haihamishi badiliko, wala haliondoki katika `main`. Inatazama tofauti kati ya badiliko hilo na lile lililolitangulia, inaitia tofauti hiyo juu ya tawi tulilosimama, kisha inahifadhi badiliko jipya lenye alama yake nyingine. Jina la mwandishi wa kwanza hubaki. Ile `-x` huongeza mstari mmoja mwishoni mwa maelezo, unaotaja alama ya badiliko la asili, ili atakayesoma baadaye ajue lilikotoka.

Kama mistari ileile ingalikuwa tofauti katika matawi hayo mawili, Git ingalisimama na kutuonyesha mgongano. Hapo mtu hulihariri faili kwa mkono, huliingiza kwa `git add`, kisha huendelea kwa `git cherry-pick --continue`. Akiona mambo yamemshinda, `git cherry-pick --abort` humrudisha alikoanzia. Lakini kwetu Git haikulalamika hata kidogo. Nikafurahi, nikataka kufunga chumba nikale chakula cha jioni.

Mwalimu wetu wa kompyuta akaniuliza, "Umechapa ripoti ya yule mtoto?" Nikajibu kwamba bado. Akasema, "Basi hujamaliza." Nikaiendesha programu, nayo ikakatika papo hapo:

```
NameError: name 'idadi' is not defined
```

Sababu yake ni hii. Kile kitendo `idadi` mwenzangu hakukiandika katika sahihisho lake. Alikikuta tayari katika `main`, kimeletwa wiki mbili kabla na kazi ya ripoti mpya. Katika tawi la toleo hakikuwapo. Git hulinganisha maandishi ya mistari, haijui maana yake. Mstari uliotegemea kitu kisichokuwapo uliingia vizuri bila mgongano wowote. Hilo ndilo fundisho nililolipata: kuchuma bila mgongano si ushahidi kwamba programu ni nzima. Ushahidi ni kuiendesha katika tawi lile lililopokea.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kulichuma pia lile badiliko lililoleta `idadi`, lakini hilo lilikuwa limefungamana na picha. Ya pili ni kuandika jambo lilelile kwa kitu ambacho toleo linacho. Kwa kuwa orodha ya alama huwa na masomo ya mwanafunzi huyo tu, `len(alama)` ilitosha. Nikasahihisha mstari, na kwa kuwa nilikuwa sijaupeleka kwa wengine, nikauingiza katika badiliko lilelile:

```
git add wastani.py
git commit --amend
```

Katika maelezo niliandika kwa nini mstari wetu si sawa na wa `main`. Tukachapa ripoti ile: 62. Tukachapa na ya mwanafunzi mwenye masomo 9, ili tuhakikishe kwamba hatukuharibu za wengine.

Limebaki neno moja. Iko amri `git cherry -v toleo-1.2 main`, inayoorodhesha mabadiliko ya `main`, na kutia alama ya kutoa mbele ya yale ambayo toleo lina mfano wake. Letu linaonyesha alama ya kujumlisha, kana kwamba halikuchumwa, kwa sababu tuliligeuza kidogo. Hapo ule mstari wa `-x` ndio unaotuambia ukweli. Na siku mtu akijaribu kuyaunganisha matawi haya, atakuta mgongano pale penye `len` na `idadi`; achague `idadi`.

Watunzaji wa matoleo thabiti ya Linux nao wana kanuni kwamba sahihisho liwe limekwisha kuingia katika tawi kuu kabla ya kupelekwa katika toleo. Faida yake ni wazi: kama tungalisahihisha toleo peke yake, toleo lifuatalo lingalizaliwa na kosa lilelile, na mtoto mwingine angalipewa 55.1 badala ya 62.

Jumamosi yule mwanafunzi alikuja na mama yake kupokea ripoti. Mama aliisoma, akaikunja, akaitia katika mkoba. Hakujua lolote juu ya 55.1, na sisi hatukumwambia.