Meseji Ishirini, Shahidi Mmoja

Meseji ishirini zinasema daraja limekatika. Mnangoja nini msisome?

Kazi yangu ni kuchuja meseji za kipindi cha redio. Wasikilizaji wengi wameniuliza hili, na watayarishaji wachanga pia, kwa hiyo nawajibu wote pamoja. Wingi wa meseji si ushahidi.

Chukua asubuhi ya mvua kubwa Dar es Salaam. Kipindi kiko hewani, meseji zinamiminika: daraja la Jangwani limekatika. Kwanza naangalia maneno yenyewe. Kumi na nne zinasema "daraja limekatika watu wamesombwa watumie wenzako", neno kwa neno, bila nukta wala koma. Hiyo ni meseji moja iliyosambazwa, nami naihesabu moja. Tano zinaanza na "nasikia". Inabaki hii: "Niko Magomeni Mapipa, polisi wanarudisha magari, maji yamepita juu ya lami." Huyu ametaja alipo na anachokiona, wala hakusema daraja limekatika.

Nampigia simu wimbo ukiwa unachezwa. Simwulizi kama daraja limekatika, maana wengi hujibu ndiyo ili kumridhisha mtu wa redio. Namwuliza amesimama wapi na anaona nini mbele yake. Kisha natafuta msikilizaji mwingine upande wa pili, Fire, asiyefahamiana naye. Wakieleza hali ileile, kila mmoja kwa maneno yake, mtangazaji anasema barabara haipitiki kwa sababu ya maji. Habari ya daraja kukatika inabaki kwenye fungu la tetesi hadi polisi au TANROADS waithibitishe. Wanaosoma uvumi hewani ili wawahi kuliko redio nyingine wananikera sana: mzazi ambaye mtoto wake yuko shule ya ng'ambo anaweza kuingia majini kumfuata.

Yangu ilikuwa ya kweli, mbona mliiacha?

Pengine ilichelewa. Mtandao ukielemewa, meseji hukaa njiani, na kioo chetu huonyesha saa iliyoingia, si saa uliyoiandika. "Sasa hivi" ya saa 1 asubuhi ikitufikia saa 3, maji yameshapungua au yameongezeka. Andika saa na mahali mwanzoni kabisa.

Nilimtaja diwani aliyekula fedha za mtaro. Mnamwogopa?

Hatajwi kabla hatujampigia naye akajibu.

Salamu zangu je?

Zina kipindi chake.

Mtangazaji apelekewe meseji ngapi kwa mara moja?

Tatu, basi. Ana mgeni mbele yake na saa ukutani; akirundikiwa ataisoma ya juu tu. Kila moja iwe na alama: ameona, amesikia, anamwuliza mgeni, au analalamika. Ya aliyesikia haisomwi kama habari. Inageuzwa kuwa swali kwa mhusika aliye kwenye simu. Maswali matano yanayofanana naunganisha yawe moja na kutaja maeneo yalikotoka. Namba za simu naziondoa kabla meseji haijafika kwenye kioo chake, kwa sababu mtangazaji aliyechoka husoma kila anachokiona.