Saratani ya Ovari Inayofuata Ukoo

Wanakikundi, tuchukue mfano. Mama ana saratani ya ovari. Dada yake alikufa kwa saratani ya matiti. Hapo tunashuku kasoro ya jeni, kama ile ya BRCA1. Apimwe damu kwanza huyo mama mgonjwa. Kasoro ikionekana, kila mtoto wake, msichana kwa mvulana, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, naye apimwe akishakuwa mtu mzima.

Binti aliyeirithi asitegemee picha ya tumbo peke yake, maana mara nyingi haioni ugonjwa mapema. Madaktari hushauri aondolewe ovari na mirija akiwa na miaka 35 hadi 40, akishamaliza kuzaa. Hedhi itakoma, basi aulize mapema kuhusu dawa za homoni.