Bolti ya sampo haitaki ubabe

Kwenye Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ-FE, oili humwagwa injini ikiwa vuguvugu na gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake.

Bolti ya sampo hufunguliwa kwa spana ya 14. Kuirudisha ndiko kunakowashinda wengi: fundi hurefusha spana kwa bomba, na nyuzi za sampo huliwa. Kiwango ni Nyutoni-mita 37 tu, tena kwa wosha mpya. Ikivuja, chanzo mara nyingi ni wosha ya zamani, na kuikaza zaidi hakutasaidia.

Filta mpya ilingane na ya zamani kwa nyuzi na upana wa mpira. Mpira wa zamani ukibaki umeganda kwenye injini, oili itamwagika barabarani. Mpira mpya hupakwa oili, na ukigusa injini, filta huzungushwa robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Kisha hutiwa lita 3.7, injini huwashwa kidogo, huzimwa na kijiti husomwa.

Oili chafu ihifadhiwe kwenye dumu bila maji wala petroli, ipelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Kuipaka mbao kuzuia mchwa, desturi iliyozoeleka, hubakiza sumu zinazoweza kusababisha saratani.