KUMJULISHA MSEMAJI: JINA LIWE NENO LA MWISHO

Katika mikutano mingi, mwenyekiti akiisha kumjulisha mgeni huona kimya kimeingia, ndipo huongeza: "Haya, mpigieni makofi." Watu hupiga kwa kuwa wameamriwa, na mgeni husimama akijua hivyo. Iko njia iliyo bora, nayo ni kuitunga sentensi ya mwisho hata wasikilizaji wenyewe watambue saa ya kupiga.

Yafaa kwanza kujua kwa nini watu hunyamaza. Si kwamba hawampendi mgeni. Hakuna mtu atakaye kupiga makofi peke yake, kwa hiyo kila mmoja hungoja alama itakayomwonyesha ya kuwa wenzake nao watapiga wakati ule ule. Mwingereza mmoja, Max Atkinson, alichunguza jambo hili katika hotuba nyingi, akaandika kitabu mwaka 1984. Aliona kwamba makofi mazuri huanza upesi, sekunde moja hivi kabla au baada ya neno la mwisho, na huendelea kwa muda wa sekunde 8 hivi. Maana yake ni kwamba watu hutayarisha mikono yao kabla msemaji hajamaliza. Basi alama lazima iwe ndani ya sentensi yenyewe. Ikija baadaye imechelewa.

Alama hiyo ina sehemu tatu, nazo hufuatana hivi. Kwanza hutajwa sifa ya mgeni bila jina lake, nao watu hujua anayesemwa ni nani. Kisha husemwa maneno machache juu ya sababu ya kuja kwake. Mwisho hutajwa jina, na baada ya jina hapana neno tena.

Tuseme wakulima wa kahawa wamekutana Thika, na mgeni wao ni mtafiti kutoka Ruiru. Mwenyekiti mmoja husema hivi: "Huyu ni Bibi Fulani wa utafiti wa kahawa, atasema nasi juu ya mibuni, naye amefika tangu asubuhi, kwa hiyo tumsikilize, na wenye baiskeli wasiziweke mlangoni." Jina limetangulia, na baada yake yamefuata mambo manne. Msikilizaji apige wapi? Bibi yule ataiendea meza katika kimya, au kwa makofi ya watu wawili watatu.

Mwenyekiti mwenye busara huanza na habari ya baiskeli na kuimaliza kabisa. Kisha husema: "Mabibi na mabwana, mgeni wetu ni mtafiti wa kahawa pale Ruiru. Amekuja kutufundisha kuitunza mibuni ya Ruiru 11, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka 1985 kwa sababu huvumilia ugonjwa wa kuoza matunda na kutu ya majani. Basi, tumkaribishe mwalimu wetu wa leo, Bibi Fulani!"

Sentensi ya mwisho ni fupi. Neno "basi" huwaambia watu kwamba mwisho umekaribia, na neno "tumkaribishe" huwaambia la kufanya. Kabla ya jina, mwenyekiti hutua kwa pumzi moja, akiwatazama watu, wala si karatasi. Jina hulitaja kwa sauti kamili, huku akimgeukia mgeni na kumnyoshea mkono. Papo hapo hupiga makofi yeye mwenyewe, naye asishike kipaza sauti wakati huo. Akina mama wakipiga vigelegele, huwaacha wamalize. Mgeni huanza kusema makofi yanapopungua.

Jambo moja huharibu hata sentensi iliyotungwa vizuri, nalo ni tafsiri. Mwenyekiti akisema Kiswahili na mkalimani akarudia yote kwa Kikikuyu, jina hutajwa mara mbili, na makofi hugawanyika: nusu hupiga mapema, na nusu hungoja. Dawa yake ni kutua kabla ya jina. Mkalimani afasiri yote yaliyotangulia, kisha mwenyekiti alitaje jina mara moja tu, maana jina halihitaji tafsiri.

Njia hii haifai kila mahali. Mazishini, au palipo na maombi, jina hutajwa mwanzoni kwa sauti ya upole, sentensi ikaendelea baada yake, ili mtu asidhani ameitwa kupiga makofi.

Anayetaka kuijaribu sentensi yake na amsomee jirani, akiishia kabla ya jina. Jirani akitambua kwamba lililobaki ni jina tu, sentensi ni nzuri. Akiuliza, "Kisha?", na ipunguzwe. Na likionekana neno lo lote baada ya jina, lifutwe.