Kabla ya Masika: Vidokezo vya Siku ya Kuzibua Mtaro wa Mtaa

Siku nyingi za usafi huishia hivi: watu wamejitokeza, mtaro umezibuliwa, picha zimepigwa, na tope lote limerundikwa ukingoni likisubiri gari la kesho. Gari la kesho haliji. Mvua ya kwanza inanyesha, tope linarudi lilikotoka, na mwezi unaofuata mwenyekiti akitangaza usafi watu wanajifungia ndani. Vidokezo hivi ni vya wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka kuzibua mtaro wa mtaani kwao mwezi Februari, kabla masika hayajaanza kunyesha Machi. Wa Tanga, Morogoro au Mombasa naye ataokota chake.

1. Tafuta gari kabla hujatafuta watu

Watu wa kuzoa utawapata. Gari ndilo gumu, kwa hiyo tarehe ipangwe na gari. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji ndio wanaojua kama mkandarasi wa taka wa kata anaweza kutoa gari, au kama inabidi mchange mkodi tipa wenyewe. Ulizeni na jambo moja ambalo husahaulika: tope litamwagwa wapi? Taka za jiji hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, na kutoka mitaa ya Kinondoni au Temeke kwenda na kurudi huko kunakula saa nyingi. Dereva akikuahidi safari nne kwa asubuhi moja, tabasamu tu, kisha panga mbili.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi inafaa kwa sababu ndiyo siku ya usafi iliyozoeleka nchini, na wenye maduka hawashangai kuambiwa wachelewe kufungua. Tatizo ni kwamba siku hiyo kila mtaa unataka gari. Kama mnakodi, Jumamosi ya kabla yake ina nafuu.

2. Pima mtaro kwa kijiti, siyo kwa jicho

Chukua mti mrefu, uchomeke kwenye tope mpaka ugote sakafuni, upime sehemu iliyolowa. Rudia kila baada ya hatua kumi. Kisha piga hesabu ya darasani: urefu mara upana mara kina.

Tuseme mtaro una mita 60, upana nusu mita, na tope la sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 6. Zinasikika chache, lakini tope lililolowa ni zito mno: hapo pana karibu tani 10, yaani safari mbili za tipa ya tani 7. Na ndoo ya lita 20 ikijaa tope inapita kilo 30, mzigo wa kuvunja mgongo wa mtu aliyekuja kujitolea. Ijazeni nusu. Kwa nusu ndoo, mita hizo 6 ni safari 600 za ndoo. Wabebaji 12 kila mmoja atakwenda mara 50, na kwa saa tatu inawezekana, mradi gari halijasimama mbali.

Hesabu hii ndiyo itakayowaokoa na tamaa. Mtaro wa mita 200 wenye tope la kufika magotini haumalizwi na watu 30 kwa asubuhi moja, hata mwenyekiti ahutubie vipi. Chagueni kipande kimoja, hasa pale maji yanapoingia kwenye nyumba za watu au kwenye mdomo wa kalavati, mkimalize na kukizoa chote.

3. Tangazo liseme saa ya kumaliza

"Wananchi wote mnatangaziwa kufika bila kukosa" ni tangazo la kukwepwa. Mtu anayeuza chapati asubuhi anataka kujua mambo manne: ni wapi hasa, tunaanza lini, tunamaliza lini, na mimi nije na nini. Jaribuni hivi: "Jumamosi, mtaro wa nyuma ya msikiti, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3 na nusu. Gari la kuzoa tope lipo. Mwenye chepe, reki au toroli aje nalo. Vaa viatu vya kufunika mguu." Maneno "gari lipo" yanavuta watu kuliko hotuba, maana wengi wanakumbuka rundo la mwaka jana.

Wajumbe wa mashina wapite nyumba kwa nyumba wiki moja kabla, na hapohapo waandike nani ana kifaa gani. Tangazo la msikitini baada ya swala ya Ijumaa na la kanisani Jumapili iliyotangulia yatawafikia wasiofikiwa na wajumbe. Kundi la wasapu libaki la kukumbushana jioni ya Ijumaa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wafuateni kijiweni, muwaulize ushauri, kwa sababu wao wanajua tipa itakwama kona ipi.

4. Vifaa: machepe machache, ndoo nyingi

Kosa la kawaida ni kila mtu kuja na fagio la chelewa. Fagio halina kazi mtaroni mpaka dakika za mwisho. Kwa kipande chetu cha mita 60 machepe 6 yanatosha. Wachimbaji wakizidi hapo ndani ya mtaro mwembamba wataanza kugongana viwiko. Kila chepe liwe na watu wawili wanaopokezana kila robo saa. Ongezeni majembe mawili ya kulegeza tope lililokauka, reki mbili za kuvuta mifuko na matambara, mtaimbo wa kunyanyulia mifuniko ya zege, panga la kukatia mizizi, ndoo 24 na toroli mbili au tatu.

Viroba vya salfeti viwe vya takataka kavu tu. Kiroba cha kilo 50 kikijazwa tope hakinyanyuliki, na kikiburutwa kinapasuka.

Andika jina la mwenye kifaa kwa kalamu nene kwenye mpini. Chepe la mtu likipotea, hutaliona tena wala yeye hutamwona.

5. Anzeni upande wa chini

Watu hupenda kuanzia pale walipokutania. Anzeni kule maji yanakoelekea, mkipanda juu. Mkizibua mdomo kwanza, maji yaliyotuama yanashuka yenyewe na mnafanya kazi kwenye tope, siyo kwenye dimbwi msiloona chini yake. Mkianzia juu, mnasukuma uchafu kwa wenzenu.

Tope lisikae ukingoni hata kwa "dakika mbili." Litoke mtaroni liende kwenye ndoo, ndoo iende garini, na watu wawili wasimame juu ya tipa kupokea. Gari likiwa safarini, rundo likae juu ya turubai hatua kadhaa kutoka ukingoni, na katibu wa siku hiyo asiondoke mpaka limezolewa. Mkimaliza, mwageni ndoo kumi za maji upande wa juu mfululizo mkiangalia. Yakisita mahali, hapo bado pana kizuizi, au sakafu ya mtaro imetitia. La pili chepe haliwezi. Ni la kupeleka kwa mtendaji.

6. Usalama: ogopeni sindano na panya

Hapa tusiharakishe. Mtaro wa mjini una chupa zilizovunjika, viwembe, misumari na sindano. Kabla chepe halijaingia, watu wawili makini wapite na reki wakivuta takataka za juu. Hakuna kukandamiza kiroba kwa mkono au mguu ili kibebe zaidi, maana wengi huchomwa hapo.

Sindano ikionekana, isiokotwe kwa vidole hata ndani ya glavu. Iinueni kwa koleo la mkaa au chepe, itiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kizibo, ikabidhiwe zahanati. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue wala kulinyonya, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU baada ya ajali kama hiyo hufaa zikianzwa mapema na kabla ya saa 72 kupita. Aulizie na chanjo ya pepopunda. Jina la kituo kilicho karibu na namba ya mwenye bajaji wa kumkimbiza viwe vimeandikwa tangu Ijumaa.

Hatari ya pili haionekani. Mkojo wa panya unaweza kuwa na vijidudu vinavyoishi kwenye maji na tope, vikaingia mwilini kupitia mchubuko au macho. Ndio ugonjwa uliopewa jina la Homa ya Mgunda ulipolipuka wilayani Ruangwa, Lindi, Julai 2022. Kwa hiyo anayeingia mtaroni avae gambuti na glavu za mpira, na mwenye kidonda mguuni apewe kazi ya juu: kupokea ndoo, kuongoza magari, kuandika majina. Mtu akipata homa kali, kichwa na maumivu ya misuli ndani ya wiki mbili au tatu zinazofuata, amweleze daktari kwamba alifanya kazi mtaroni. Asiposema, atapimwa malaria akarudi nyumbani.

Watoto wasiingie mtaroni, hata wakililia. Na hakuna mtu mzima wa kuingia ndani ya kalavati lililofunikwa: hewa yake inaweza kumwangusha, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Mlizibue kutoka nje kwa mti mrefu, likishindikana liachieni halmashauri.

7. Shukrani huanza na sabuni, humalizwa na hesabu

Kabla ya uji, maji na sabuni. Pangeni madumu mawili na mtu wa kumimina, ndipo mama lishe afunue sufuria. Mihogo ya kuchemsha na uji wa moto vinatosha. Pilau hufanya watu wahesabu nani alikula bila kushika chepe.

Wenye vifaa warudishiwe kabla watu hawajatawanyika, vikiwa vimeoshwa. Chupa za plastiki zilizotoka mtaroni wapeni waokota chupa wa mtaa, ambao huziuza kwa kilo. Mara nyingi wao ndio waliofika wa kwanza na ndio wanaosahaulika kwenye hotuba.

Kisha, kabla ya wiki kuisha, tangazo la pili lipite njia zilezile za lile la kwanza: msikitini, kanisani, kwa wajumbe, kwenye kundi. Liwe na picha mbili za pembe moja, kabla na baada. Liseme tulizoa safari ngapi, tulichanga kiasi gani, tipa ilichukua kiasi gani, uji kiasi gani, kimebaki kiasi gani na kiko kwa nani. Majina ya waliochimba yatangulie ya waliotoa fedha. Na diwani kama alifika saa 3 na dakika 20 kupigwa picha, atajwe naye, mwishoni, kwa heshima zote.